Nusu Ukurasa Aliouruka Evanthia

Mjini Yannena, kaskazini mwa Ugiriki, walisema Evanthia alikufa siku moja na mumewe, ila yeye alisahau kulala chini. Walisema hivyo kwa upole, maana hakuna aliyemchukia. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mgongo umenyooka, nguo nyeusi zimepigwa pasi, kila salamu anaijibu. Lakini ukimtazama machoni unaona dirisha la nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Hata mwezi wa pili, makaburini, walipoufukua mwili wa mumewe Stavros baada ya miaka mitatu kama ilivyo desturi, na mama mkwe akaiosha mifupa ya mwanawe kwa divai huku machozi yanachuruzika, Evanthia alishika taulo tu. Alikuwa anawaza kama amezima jiko.

Kazi moja haikumshinda. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni, katika chumba cha nyuma ya kanisa la Mtakatifu Varvara, aliwafundisha watu wazima waliotaka kubatizwa. Aliwapitisha kwenye Kanuni ya Imani mstari kwa mstari, vifungu kumi na viwili, kama mtu anayewavusha wageni mto kwa kukanyaga mawe: hili, halafu hili, usiruke. Yeye mwenyewe alikuwa kayakanyaga mawe hayo mara nyingi hata miguu haikuhisi tena maji.

Mwaka huo wanafunzi walikuwa watatu. Wa kwanza Drita, binti wa Kialbania aliyechumbiwa na dereva teksi, mwepesi wa kucheka. Wa pili Bi Gudrun, muuguzi mstaafu kutoka Ujerumani, Mlutheri wa kuzaliwa, aliyenunua nyumba kijijini na kuamua kwamba akizeeka huku atazikwa huku, na akizikwa huku basi asali kama wa huku. Yeye alikwisha batizwa kwao, atapakwa tu krisma, yaani mafuta matakatifu. Wa tatu ni Petrit.

Petrit alikuwa mwashi wa mawe, miaka arobaini na miwili, kutoka Përmet ng'ambo ya mpaka, Albania. Babu zake walikuwa Waislamu, wazazi wake walilelewa na serikali iliyopiga marufuku Mungu, na yeye, kwa maneno yake, alikulia mahali palipofagiliwa pakaachwa bila kiti. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa saruji. Kila Jumatano alifika kabla ya wenzake, akafuta ubao uliokwisha futwa, akakaa kiti cha mbele, akamtazama mwalimu wake. Hakuwa na utazamaji wa ukware. Alimtazama kama fundi anavyoutazama ukuta wa zamani, kujua ni jiwe gani bado limeshika.

Evanthia aliuona utazamaji huo. Aliuona kama mtu anavyoona mvua akiwa ndani.

"Tumefika kifungu cha nane," alisema Jumatano hiyo, ikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache kabla ya Pasaka. "Bi Gudrun, tusomee."

Bi Gudrun alisimama kama yuko jeshini. "Na katika Roho Mtakatifu, Bwana, mleta uzima, atokaye kwa Baba na kwa Mwana..."

"Kwa Baba."

"Nimesema kwa Baba."

"Umesema na kwa Mwana."

"Nimesema hivyo miaka sitini na sita, mwalimu. Ulimi una mazoea yake."

"Uambie ulimi umehamia Yannena," akasema Drita.

Evanthia hakucheka. Alichora duara moja ubaoni, na mistari miwili ikitoka humo. "Chemchemi ni moja, Baba. Mwana anazaliwa naye kabla ya nyakati zote. Roho anatoka kwake. Mababa wa mtaguso, baraza la maaskofu, waliandika hivyo, wakakataza mtu kuongeza neno. Kwenu waliongeza. Ukiongeza, umechimba chemchemi ya pili."

"Na kwa neno hilo moja makanisa yakagombana miaka elfu?"

"Kwa hilo na mengine."

"Mimi na dada yangu tumegombana miaka ishirini kwa ajili ya kabati," alisema Bi Gudrun, akakaa. "Sawa. Kwa Baba."

Wakapita kifungu cha tisa, Kanisa moja, takatifu, katholiko, la mitume. Wakaingia cha kumi: naungama ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi.

"Mmoja," alisema Evanthia. "Haurudiwi. Ukitenda dhambi unaungama, unatubu. Huingii majini mara ya pili."

"Na nikiachana na Yorgos?" akauliza Drita. "Maana nabatizwa ili tufunge ndoa."

"Ndoa inaweza kuvunjika. Ubatizo hauvunjiki. Na ukibatizwa kwa ajili ya Yorgos, mwambie Padri Thymios mapema, akuahirishe."

Drita akainamisha uso. Petrit akauliza taratibu, "Na mtu akianza kuja kwa sababu moja, halafu akabaki kwa nyingine?"

"Wengi huanza hivyo," alisema Evanthia, akauelekea ubao.

Akawaeleza Jumamosi Kuu, siku ya ubatizo wao, itakavyokuwa. Mtasimama mlangoni mwa kanisa, mmeelekea magharibi linakozama jua. Padri atawauliza mara tatu kama mnamkana Shetani, mtajibu mara tatu, kisha mtamtemea.

"Kutema mate, kanisani?" Drita alishika mdomo.

"Kavukavu. Unamtemea Shetani, si sakafu. Bi Gudrun wewe hutemi, utaungama imani tu. Halafu mnageuka mashariki. Padri anauliza: umejiunga na Kristo? Nimejiunga. Na unamwamini? Namwamini kama Mfalme na Mungu. Na hapo mnasema Kanuni yote, neno kwa neno, bila karatasi. Mara tatu. Mtoto mchanga husemewa na msimamizi wake. Ninyi mna midomo."

"Mara tatu zote?" Petrit aliuliza.

"Ukikosea ya kwanza, una mbili za kujirekebisha."

Wakacheka wote isipokuwa mwalimu. Akaendelea: beseni la ubatizo ni la watoto, kwa hiyo wataingia kwenye pipa kubwa la bluu lililokuwa la zeituni. Padri Thymios amelisugua mara tatu, na bado linanukia zeituni. Kabla ya maji kuna mafuta. Padri anaanza, msimamizi anamalizia: kifua, mgongo, masikio, mikono, miguu. Ndipo padri anamzamisha mara tatu. Msimamizi anampokea kwa shuka nyeupe, na kuanzia siku hiyo ni baba au mama yake wa ubatizo. Mama huyo watu wanamwita nona.

Hapo ndipo alipofunua ukurasa wa daftari lake, lile alilofundishia miaka saba. Juu ya ukurasa kulikuwa na kichwa cha habari kwa mwandiko wake mwenyewe: Undugu wa ubatizo na vizuizi vyake. Nusu ukurasa tu. Kila mwaka aliusoma kwa dakika tano na hakuna aliyeuliza swali.

Evanthia alifunua ukurasa unaofuata.

"Muda umekwisha," alisema. Ilikuwa imebaki robo saa. "Jumapili hii mpelekeeni padri majina ya wasimamizi. Lazima wawe Waorthodoksi waliobatizwa. Jumatano ijayo tunamaliza."

Wenzake walipotoka, Petrit alibaki akifuta ubao. Alilifuta lile duara polepole, mistari miwili ikabaki mwishoni, akaifuta nayo.

"Mwalimu."

"Ndiyo, Petrit."

"Sina msimamizi. Miaka kumi na minne nimewajengea watu wa mji huu kuta, wananipa kahawa na keki kwenye sahani, mlangoni. Ndani bado." Alikunja kitambaa cha ubao vipande vinne. "Nimeona hapa mtu mwenye nona ana kwao. Siku za sikukuu ana mlango wa kubisha. Nilitaka kukuomba wewe."

"Mimi?"

"Uwe nona wangu. Sijui kuomba vizuri. Nataka tu kuwe na kitu kati yangu na wewe ambacho mtu hawezi kukiondoa."

Kumbe ndivyo mtu anavyoweza kuomba mkono wako na kuukataa kwa pumzi moja, na asijue. Maana ile nusu ukurasa ilisema waziwazi: nona na mtoto wake wa ubatizo hawaoani. Wala leo wala kesho, wala padri wala askofu hana ruhusa ya kutoa. Ni mama na mwana.

Ilikuwa zamu yake kusema hivyo. Sentensi moja. Evanthia alisikia moyo wake ukipiga, sawasawa, kama saa ya ukutani ya ofisi. Mbele yake kulikuwa na mlango wenye komeo, na mtu anamkabidhi komeo mwenyewe, na kulifunga kulionekana kama kupumzika.

"Nitafikiri," alisema.

Nyumbani, mama mkwe wake Polikseni alikuwa anachemsha maharage bila mafuta, maana ni Kwaresima na ni Jumatano. Wajane wawili katika nyumba moja, mmoja wa mume, mmoja wa mume na mwana. Polikseni alikuwa na miaka sabini na saba, masikio mazito akiitwa, mepesi akisengenywa.

"Nasikia yule Mwalbania wako amekuomba uwe nona wake," alisema kabla Evanthia hajavua koti.

"Ameniomba dakika ishirini zilizopita, mama."

"Drita alisahau mwavuli, akarudi, akasikia mlangoni. Akamwambia mama yake Yorgos. Yeye alikuwa dukani, na mimi nilikuwa dukani. Kaa ule."

Evanthia akakaa. Maharage yalikuwa na ladha ya maharage.

"Kubali, mwanangu."

"Wewe unasema nikubali? Mama, wewe hutaki hata kumsalimia."

"Nimesema kubali. Kumbatiza mtu ni thawabu." Polikseni alimega mkate, akautazama kuliko mkate ulivyostahili kutazamwa. "Na watu wataacha maneno yao. Wanasema anakutazama. Wanasema na wewe humkatazi. Ukishampaka mafuta na kumtoa kwenye pipa, nani atasema nini? Mwanao. Utampa mshumaa wa Pasaka, atakubusu mkono, ataondoka zake. Na sisi tutakaa hapa kama tulivyo."

"Kama tulivyo."

"Tumekosa nini?"

Evanthia aliuona mtego wote, toka kamba hadi chambo. Aliona pia hofu ya kizee ambaye akiachwa peke yake hana hata wa kugombana naye. Hakuona sababu ya kukataa. Kukataa kunataka nguvu, na nguvu hutoka kwenye kutaka kitu.

"Haya, mama," alisema. "Nitaandika jina."

Polikseni alimwongezea maharage.

Jumatano iliyofuata ilikuwa ya mwisho. Wanafunzi walikariri wamesimama, wameelekea dirisha la mashariki. Drita alisahau "Mungu wa kweli kutoka kwa Mungu wa kweli", akarudi nyuma kuichukua kama mtu aliyesahau funguo. Bi Gudrun alipofika kwa Roho Mtakatifu alisema "atokaye kwa Baba", akanyamaza sana, akapita, na wote wakampigia makofi. Petrit alisema mara zote tatu bila kukosea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kila neno aliliweka juu ya mwenzake likakaa.

"Nina swali la nyuma," alisema alipomaliza. "Kifungu cha nne. Akasulubiwa, akateswa, akazikwa. Hapana mahali panaposema alikufa."

"Asiyekufa hazikwi," alisema Evanthia.

"Wapo wanaozikwa hawajafa."

Bi Gudrun alikohoa. Drita alitazama dari. Evanthia alishika chaki, akaandika ubaoni kifungu cha kumi na moja, herufi zimenyooka: Natarajia ufufuo wa wafu. Akaiweka chaki chini.

"Hiki kinajieleza," alisema. "Na cha kumi na mbili ni uzima wa ulimwengu ujao. Amina maana yake na iwe hivyo. Tumemaliza."

"Vifungu vingine umetueleza kwa kirefu," alisema Petrit. "Hiki sekunde kumi."

"Hakina mabishano. Ni cha kutarajia."

"Na wewe unatarajia?"

"Mimi nafundisha."

"Sijauliza unafundisha nini, mwalimu."

Alikuwa bado amesimama, macho kwake. Evanthia alitafuta ndani yake jibu, kama mtu anayepapasa chumba chenye giza ambacho zamani kilikuwa na samani. Hakugusa kitu. Lakini aligundua kwamba anapapasa, na hilo halikuwa limetokea siku nyingi.

Mlango ukafunguka. Padri Thymios aliingia na fomu zake na kalamu sikioni, kanzu ina majivu ya ubani, harufu ya pweza wa Kwaresima imemtangulia.

"Haya wanangu, sahihi. Bi Gudrun, msimamizi wako ni mke wa daktari, safi. Drita, dada yake Yorgos. Petrit, utaitwa Petros, na msimamizi..." Akainua nyusi. "Evanthia. Mama yako Polikseni ameniambia Jumapili. Nikashangaa, nikasema labda mnajua mnachofanya. Weka sahihi hapa. Lakini kwanza niwasomee, ni wajibu wangu, ingawa mwalimu amekwisha wafundisha."

"Soma, Padri," alisema Petrit.

"Anayempokea mtu ubatizoni anakuwa mzazi wake wa kiroho. Kati yao hakuna ndoa, siku zote za maisha yao. Unaelewa? Nona ni mama."

Petrit alikuwa ameshaishika kalamu. Aliiweka mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Hili halikufundishwa," alisema.

"Limo kifungu cha kumi," alisema padri. "Kila mwaka limo."

"Mwaka huu halimo." Akamgeukia Evanthia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuomba, siku ile, ulijua?"

"Ndiyo."

"Ungeniacha niingie kwenye pipa. Ungenipaka mafuta kwa mkono wako, unajua, na mimi sijui." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Kama hunitaki, si ungesema sikutaki? Mimi ni mtu mzima. Nimefukuzwa na mabosi, nimefukuzwa na mpaka. Neno moja lingenitosha."

"Petrit."

"Nilikuja kwa ajili yako, kweli, mwanzoni. Padri anisamehe. Nilikuona sokoni unachagua ndimu kama mtu anayechagua mawe ya kaburi, nikauliza huyu ni nani, wakasema anafundisha Jumatano. Lakini kufika kifungu cha tatu, aliyeshuka kutoka mbinguni kwa ajili yetu sisi wanadamu, nilikwisha kuwa nakuja kwa ajili yangu. Nitabatizwa. Hata kama wewe hutokuwepo. Nilitaka tu usinidanganye."

Drita alikuwa analia, maana alipenda kulia. Bi Gudrun alimpa kitambaa bila kumtazama.

Padri Thymios alivua miwani. "Evanthia, mwanangu. Fomu iko hapa. Ukitia sahihi imekwisha. Usipotia, mwimbaji wetu Lambros ana watoto wa ubatizo thelathini na mmoja, wa thelathini na mbili hatamwua. Lakini nataka sababu. Hubadilishi msimamizi siku kumi kabla ya Jumamosi Kuu bila sababu."

Ilikuwa rahisi sana kutia sahihi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Angeandika jina, angeenda nyumbani, angekula, angelala, na kila mwaka mwanaume huyu angembusu mkono na kuondoka.

Evanthia aliisogeza fomu mbali kwa kidole kimoja.

"Siwezi kuwa nona wake."

"Sababu?"

"Sitaki iwe haiwezekani," alisema.

Padri alivaa tena miwani yake.

"Kwa hiyo unanipenda?" Petrit aliuliza.

"Sijui. Sikudanganyi tena. Sisikii kitu, Petrit. Naamka, naoga, nafundisha, kama mguu uliokufa ganzi. Sijui kama kuna kitu humo ndani au hakuna. Lakini sitaki kuweka komeo kabla sijajua. Ni hilo tu nililo nalo. Ni kidogo."

Petrit alimtazama. Utazamaji ule ule, wa fundi na ukuta.

"Nimewahi kuanza na jiwe moja," alisema.

"Lambros," alisema padri, akiandika. "L-a-m-b-r-o-s. Na wewe, mwalimu, funua ile nusu ukurasa uwasomee wote sasa hivi, mbele yangu, polepole."

Evanthia alifunua daftari, akawasomea. Sauti yake ilikuwa kavu kama kawaida, ila mara mbili ilibidi aanze sentensi upya.

Polikseni alikuwa jikoni, mikono imefungwa kifuani. Kwa namna alivyokaa ilijulikana kwamba habari imetangulia tena.

"Hukuandika."

"Sikuandika, mama."

"Kwa hiyo utaniacha."

"Sijasema naondoka."

"Hujasema unabaki pia."

"Sijasema."

Walikula. Kijiko kiligonga sahani, saa ikagonga, jirani akamwita paka wake. Mzee hakumpa mkate, Evanthia akajimegea mwenyewe. Alijua anastahili kuumia kwa ajili ya mwanamke huyu, na pengine alikuwa ameanza kuumia. Ilikuwa mbali bado, lakini ilikuwa upande wake.

"Stavros alikuwa mwanangu wa pekee," alisema Polikseni hatimaye.

"Najua, mama."

"Nilikuosha miguu ulipoingia nyumba hii bibi harusi."

"Najua."

Polikseni alifuta meza mahali palipokuwa safi. Akafuta tena.

"Huyo mtu, Pasaka anakula wapi?"

"Sijui. Kwake, peke yake, nadhani."

"Mwanakondoo niliyemwagiza ni mkubwa kwa wajane wawili. Nilikosea kuagiza." Aliinuka, akakusanya sahani, akampa kisogo. "Aje mchana, watu wamwone. Sijakubali kitu, nimesema nyama tu. Na akae upande wangu wa meza, si wako."